Sheria Moja kwa Wote, Lakini Nani Analipa?

Kila nikisema kwamba sheria ya mavazi inaweza kubagua, kuna mzazi atakayenijibu, "Pasta, sheria ni moja kwa wote, sasa ubaguzi uko wapi?" Ni swali la haki kabisa, na mahakama zetu zimelipitia.

Januari 2019 msichana mmoja aliripoti kidato cha kwanza katika Shule ya Upili ya Olympic, Kibera. Kichwani alikuwa amefunga kilemba, na chini ya kilemba kulikuwa na rasta, kwa maana familia yake ni ya imani ya Rastafari. Akaambiwa arudi nyumbani anyolewe kwanza. Mzazi wake akaenda Mahakama Kuu, na Septemba mwaka huo Jaji Chacha Mwita akaamua kwamba Rastafari ni dini inayolindwa na Katiba kama dini nyingine, na kwamba shule ilikosea kumfungia mtoto mlango kwa sababu ya nywele zake.

Najua wengine hapa mtasema rasta ni fujo tu. Basi fungueni Hesabu sura ya 6, msome nadhiri ya Mnadhiri: wembe usipite kichwani mwake. Samsoni angeripoti shule ya upili leo, angerudishwa getini.

Mimi nilisomea biashara, na huko ukiona bei unauliza nani anailipa. Sheria inayosema "nywele fupi, kichwa wazi" inamgharimu nini mtoto wa kanisa letu? Shilingi hamsini za kinyozi. Mtoto wa Rasta inamgharimu imani ya nyumba yao. Maandishi ni yale yale, lakini mzigo si ule ule. Ndiyo maana Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja, na katika mambo ambayo mtu hafai kubaguliwa kwayo, mavazi yametajwa kwa jina, karibu na dini na utamaduni.

Kesi ya pili inatugusa zaidi, kwa sababu aliyeshtaki ni kanisa. Mwaka 2014 wasichana Waislamu katika shule moja ya kutwa huko Isiolo, inayofadhiliwa na Kanisa la Methodisti, walitaka kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare. Kanisa likaenda mahakamani kupinga, likisema hilo litaleta utengano kati ya wanafunzi. Mahakama Kuu ikakubaliana na kanisa. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikageuza: sheria inayoonekana haina upande inaweza kumuumiza mmoja na kumwacha mwingine. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaiondoa hukumu hiyo, lakini si kwa kusema hijabu ni makosa. Wengi wa majaji walisema dai la mzazi aliyewatetea wasichana halikuletwa mahakamani kwa utaratibu ufaao. Kwa hiyo mtu akikwambia "kanisa lilishinda," mwambie lilishinda utaratibu. Swali lenyewe lilibaki mezani.

Na hoja ya kanisa si ya kudharauliwa. Sare inaficha nani ana pesa na nani hana, na mtoto maskini anaijua thamani yake. Lakini hijabu ya rangi ya sare haiharibu kazi hiyo, wala kilemba. Tumezoea watoto wa Waakorino na vilemba vyao vyeupe, na hakuna hesabu iliyokataa kufundishika. Nywele ndefu zisizofungwa mbele ya moto wa maabara, hilo ni jambo lingine. Hapo mwalimu ana sababu ya kusema zifungwe, na hata hapo suluhu ni kamba, si wembe.

Wengine husema mzazi asiyependa sheria atafute shule nyingine. Wapendwa, mtoto hupangiwa shule ya upili na serikali. Na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mfadhili nafasi ya kukuza mambo ya kiroho huku akilinda imani ya wanafunzi wa dini nyingine. Yaani kufadhili hakumfanyi kila mtoto wa shule kuwa mshirika wa kanisa lako.

Sasa geuza kesi. Binti yako amepangiwa shule ya umma inayofadhiliwa na msikiti, na sheria inasema kila msichana avae hijabu, Mkristo na Mwislamu sawasawa. Sheria moja kwa wote. Ungetia sahihi fomu hiyo ya kujiunga?