Lori la Petroli Likilala Kapsoit

Lori la petroli likianguka hapa Kapsoit leo jioni, wa kwanza kufa ni yule atakayewahi na mtungi.

Nisikilize kidogo, hasa wewe wa bodaboda na wewe mwenye kibanda kando ya barabara. Malori ya mafuta yanapita hapa usiku na mchana, yakitoka bohari ya Kisumu kupandisha Kericho, na mengine yakiteremka. Kilichotokea Sachangwan kinaweza kutokea hapa.

Sachangwan ni kule Molo, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret. Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilipinduka. Habari ikaenda mbio, watu wakaja na ndoo, mitungi, hata sufuria. Wakachota. Wa kwanza akapeleka nyumbani akarudi, jirani akaona, naye akaja. Kisha moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walikufa, na baadhi yao waliungua hata jamaa zao wakashindwa kuwatambua. Hao wakazikwa pamoja, kaburi moja.

Sasa uliza: mbona walichota muda wote ule na hakuna kilichotokea? Hapo ndipo mtego ulipo.

Petroli yenyewe, ile unayoiona ikitiririka, siyo inayolipuka. Kinacholipuka ni mvuke wake, na mvuke huo huuoni. Ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo haupandi juu kama moshi wa jikoni. Unalala chini, unafuata mtaro, unateremka mpaka kwenye mistari ya majani chai na kujaa pale palipo bonde. Kwenye dimbwi lenyewe mvuke unaweza kuwa mwingi mno kuliko hewa, hata usishike moto. Ila pembeni, ambako umechanganyika na hewa, sehemu moja na nusu katika mia inatosha kuwaka kwa cheche moja.

Na pembeni ndipo ulipoegesha pikipiki. Unafunga mtungi wako, unapiga stata, cheche inatoka. Moto hauanzii kwenye lori. Unaanzia kwako, unakimbia juu ya mvuke hadi kwenye tangi, ukipita katikati ya watu wote walioinama wakichota.

Msamvu, Morogoro, kule Tanzania, Agosti 2019, mambo yalikuwa hayo hayo: lori limelala, vijana wanachota, na ikaelezwa kwamba mtu mmoja alikuwa anang'oa betri ya lori. Watu wapatao 100 wakafa.

Usitegemee mvua yetu ya alasiri. Petroli inaelea juu ya maji, kwa hiyo mvua inaisafirisha tu, inaishusha mtaroni hadi mlangoni kwa mtu ambaye hata hajui lori limeanguka. Baridi ya Kericho nayo haisaidii, maana petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya kugandisha maji. Wala usijipe moyo kwamba uliyochota ni dizeli. Tangi moja lina vyumba kadhaa ndani, na chumba cha pili kinaweza kuwa na petroli. Ukiona kibao cha rangi ya machungwa chenye namba 1203, hiyo ni petroli.

Basi ufanye nini? Harufu ikikufikia, umeshakaribia mno. Geuka, panda upande wa mlima, kule upepo unakotoka, ili mvuke usikufuate. Nenda mita 300 na zaidi. Lori likiwaka, mita 800. Pikipiki ikizimika ndani ya harufu, iache hapo, usipige stata. Mwenye kibanda, kama moto wa mahindi bado uko mbali na harufu, uzime kabisa uondoke. Kama harufu imeshafika, kimbia na watoto, mahindi yaache.

Na kama nguo zimelowa petroli, usiingie jikoni penye moto. Zivue nje, mbali na moto, uoge kwa maji mengi. Unaweza kutoka salama barabarani ukaungulia nyumbani.

Lita 20 za petroli hazifiki hata gharama ya siku chache za mgonjwa wa moto hospitalini.

Viongozi wa bodaboda Kapsoit, kaeni leo stejini mkubaliane majina. Nani atasimamisha magari upande wa Kericho, nani upande wa Kisumu, wote wawili wakiwa mbali na harufu, na nani atapiga 999 au 112 akitaja mahali na namba ya kile kibao. Mkubaliane kabla lori halijaanguka, kwa sababu likishaanguka, hamtakuwa na dakika ya kikao.