Mwanangu, Kikompyuta Hicho Kitakufikisha PlayStation ya Kwanza

Umeniuliza, mwanangu, kama hicho kikompyuta ulichonunua kinaweza kuchezesha gemu zote za zamani. Kiweke hapa mezani tukitazame. Urefu milimita 65, upana milimita 30. Kinakaa kiganjani na nafasi inabaki. Ni Raspberry Pi Zero 2 W, kilichotoka mwaka 2021 kwa dola 15. Jibu langu ni fupi. PlayStation ya kwanza kitaiweza. Nintendo 64 kitaiweza nusunusu. PlayStation 2 iache.

Naona jibu halijakutosha. Ninyi vijana mkishakiwasha tu, usiku huohuo mnataka PlayStation 2. Kaa basi, tupige hesabu.

Ndani yake mna prosesa ya viini vinne, na kila kiini huenda mizunguko bilioni moja kwa sekunde. Gemu za Japani na Marekani zilichora picha 60 kila sekunde. Za kwetu, za mfumo wa PAL, zilichora 50, lakini tuchukue hiyo 60. Gawa bilioni kwa 60. Kila picha imepewa mizunguko kama milioni 16.7, na ndani ya hiyo kila kitu lazima kiwe kimekamilika: mchezo wenyewe, picha, sauti, na kidole chako kilichobonyeza pedi. Kikichelewa, gemu inakwama.

Sasa ije Nintendo ya zamani kabisa, ile iliyotoka Japani mwaka 1983 kwa jina la Famicom. Sisi wengi tuliijua kupitia mashine za kuigiza, zile za bei nafuu zenye kaseti ya gemu chungu nzima, nusu yake zikiwa zilezile kwa majina tofauti. Prosesa yake ilikwenda mizunguko milioni 1.79 kwa sekunde. Kwa picha moja ni kama 30,000. Kwa hiyo kwa kila mzunguko mmoja wa Famicom, kikompyuta chako kina mizunguko zaidi ya 500 ya kuuigiza. Kazi hiyo kinaifanya huku kinapiga miayo.

PlayStation ya 1994 ilikwenda mizunguko milioni 33.9 kwa sekunde. Piga hesabu ileile, unabaki na 30 hivi. Nintendo 64 ya 1996 ilikwenda milioni 93.75, unabaki na 10 na ushee. PlayStation 2 ilikaribia milioni 295. Unabaki na mitatu. Mitatu, mwanangu! Hiyo haitoshi hata kusoma agizo na kulielewa, sembuse kulitekeleza.

Nilijua utaniambia viini viko vinne. Kweli, lakini kazi hii haigawanyiki hivyo. Kwenye mashine ya zamani prosesa, chipu ya picha na chipu ya sauti zilikwenda kwa kusubiriana, hatua kwa hatua. Ni kama wapishi wanne kwenye sufuria moja: mmoja anakoroga, watatu wanamtazama. Kiini kimoja ndicho kinachobeba mzigo mkubwa.

Basi hiyo 30 ya PlayStation inatoshaje? Inatosha kwa ujanja. Emuleta inayotumika sana kwenye vikompyuta hivi inaitwa PCSX ReARMed. Haisomi maagizo ya PlayStation moja moja kila yanapopita. Inachukua fungu zima, inaligeuza kuwa lugha ya prosesa yako, inalihifadhi. Gemu ikirudi palepale, na gemu hurudi palepale mara maelfu, fungu limeshakuwa tayari. Ndiyo maana gemu karibu zote za PlayStation zinakwenda vizuri, mradi usiingie kwenye mipangilio ukaongeza ukali wa picha. Ukiuongeza, umekula akiba yako yote.

Hata hivyo usipime kwa kizazi cha mashine peke yake. Pima gemu yenyewe. Super Nintendo ni mashine nyepesi, lakini Star Fox ya 1993 ilikuja na chipu yake ya ziada ndani ya kaseti, Super FX, ya kukokotoa maumbo ya pande tatu. Emuleta ikifungua gemu hiyo inaigiza mashine na chipu ile pia. Nilipokuwa na Raspberry Pi Zero ya kwanza, ile ya 2015 yenye kiini kimoja, gemu nyingine za Super Nintendo zilikimbia na hiyo ikajikokota. Yako itaimudu.

Nintendo 64 ndiyo inayovunja watu moyo. Chipu yake ya picha iliwaruhusu watengenezaji gemu kuipangia namna ya kufanya kazi, na wengine walijipangia kivyao. Emuleta inapaswa kukisia kila mmoja alikusudia nini. Kwa hiyo Super Mario 64 inachezeka, Mario Kart 64 inachezeka, halafu unafungua GoldenEye 007 na inaanza kuyumba. Kikompyuta hakijaharibika. Ukitaka kuipita hiyo, ukafike Dreamcast ya 1998, tafuta Raspberry Pi 4 au 5.

Utajuaje kuwa gemu imekishinda? Fumba macho usikilize. Jicho husamehe picha moja iliyorukwa, ila sikio halisamehi. Muziki ukianza kukatikakatika na kukwaruza, jua mizunguko imekwisha.

Lakini kabla ya kukilaumu, angalia mambo mawili. La kwanza ni joto. Cheza dakika ishirini, kisha andika:

```
vcgencmd measure_temp
```

Ikikujibu namba inayokaribia 80, kinajipunguzia kasi ili kisiungue. Kifungulie kasha, kibandike kipande cha alumini juu ya chipu.

La pili ni umeme, na hili lilinila usiku mwingi. Raspberry Pi kubwa hukuonyesha alama ya radi kwenye skrini umeme unapopungua. Familia ya Zero haina kipimo hicho, inanyamaza tu. Yangu ilikuwa ikijizima na kuwaka upya gemu inapofunguka, pedi nayo inapotea na kurudi. Nikabadilisha mipangilio, nikafuta kadi, nikaanza upya. Kumbe ni waya mwembamba wa chaja ya simu. Tafuta chaja ya volti 5 na ampia zisizopungua 2, yenye waya mfupi na mnene.

Mafaili ya gemu, tengeneza kutoka kwenye diski zako mwenyewe. Gemu za zamani zina wenyewe hadi leo, na BIOS ya PlayStation ni mali ya Sony.

Halafu ile haraka yako ya kuchomoa. Ukihifadhi mchezo ndani ya gemu, PlayStation halisi iliandika papo hapo kwenye memori kadi. Hapa sivyo. Kwa kawaida emuleta za RetroArch huushika mchezo wako kwenye RAM, na kuuandika kwenye kadi ya kikompyuta pale tu unapotoka kwenye gemu. Ukichomoa waya katikati, saa zako tatu zimekwenda, na kadi yenyewe yaweza kuharibika. Kwenye RetroPie bonyeza Select na Start pamoja, urudi kwenye orodha ya gemu. Bonyeza Start, chagua QUIT, kisha SHUTDOWN SYSTEM. Taa ya kijani ikizimika, chomoa.