Barua ya Timu Namatala

Orodha ya timu ya shule ikibandikwa ukutani bila maelezo, mzazi wa Namatala, pale Mbale, hujijazia sababu mwenyewe: undugu, kabila au ada isiyolipwa. Barua fupi ya mwalimu wa michezo huziba pengo hilo.

Tuseme watoto 40 wamejaribiwa na nafasi ni 18. Barua inataja siku za majaribio, mambo yaliyopimwa, kama pasi, kumiliki mpira na kujipanga uwanjani, na kwamba walimu wawili walitoa alama kila mmoja peke yake. Mzazi anaelezwa alama za mwanawe tu, si za mtoto wa jirani.

Kuna mtego mmoja: umri. Timu zikipangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, mtoto wa Januari anamzidi wa Desemba kwa karibu miezi 12. Mwili mkubwa huonekana kama kipaji. Mwalimu akiona waliochaguliwa wengi ni wa miezi ya mwanzo, awapime upya wadogo kwa ufundi, si kwa nguvu.

Aliyebaki nje aambiwe jambo moja la kufanyia kazi, mathalani pasi ya mguu wa kushoto, siku za mazoezi anazokaribishwa, na tarehe ya kupimwa tena muhula ujao. Pengine mchezo wake ni mwingine. Mkimbiaji Joshua Cheptegei wa Kapchorwa, si mbali na Mbale, alianza na mpira wa miguu na miruko kabla ya mbio ndefu. Mwaka 2024 alitwaa dhahabu ya mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Paris.