Elfu kumi na nane za mama wa chumvi

Chukueni mfano wa mama mfanyabiashara wa Bwera. Ananunua chumvi ya Katwe, anaipeleka soko la Mpondwe siku za Jumanne na Ijumaa, na wateja wake wengi wanavuka kutoka Kasindi, upande wa Kongo. Mmoja wao huchukua magunia kwa mkopo na kulipa kidogo kidogo. Daftari analishika mama mwenyewe. Binti yake anasoma Kasese, huja nyumbani likizo tu.

Mwaka wa zaka ulipotimia, mama alimwomba binti amjumlishie mali: chumvi iliyo ghalani, fedha taslimu, na madeni yanayotarajiwa kulipwa. Yule mteja wa Kasindi alikuwa amemaliza deni Ijumaa iliyopita, na mstari wa mwisho ulisoma sifuri. Binti angeweza kufunua ukurasa mwingine akaendelea. Badala yake alijumlisha magunia yote tangu mwanzo, kisha malipo yote. Bidhaa zilifika shilingi 1,460,000. Malipo yalikuwa 1,478,000.

Zilizidi 18,000. Mama alichukua kikokotoo akapitia ukurasa mmoja mmoja, na kila ukurasa ulikuwa sahihi. Hapo ndipo kosa la namna hii hujificha. Binti aligawanya ile tofauti kwa 9, ikagawanyika bila baki. Tarakimu mbili zinazofuatana zikibadilishana nafasi, tofauti daima hugawanyika hivyo. Si ushahidi kamili, maana makosa mengine nayo huweza kuangukia hapo, ila inaonyesha pa kuanzia kutafuta. Alilinganisha baki la chini ya kila ukurasa na la juu ya ukurasa unaofuata. Miezi mitano nyuma, 246,000 ilikuwa imehamishwa kama 264,000. Tangu siku hiyo mama alijumlisha vizuri kabisa juu ya namba isiyo sahihi.

“Mwanangu, mimi sikukusudia,” alisema mama. “Na mwenyewe alilipa, hakulalamika.”

Kauli hizo mbili husikika katika kila soko, na kila moja ina jibu lake. Kutokukusudia huondoa dhambi, lakini hakuondoi haki ya mtu. Aya ya 92 ya Suratun-Nisaa inamzungumzia aliyeua kwa bahati mbaya, na bado inataka jamaa wa marehemu walipwe diya, isipokuwa wakisamehe. Ikiwa ni hivyo kwenye damu, fedha haiwezi kusamehewa na yule anayeishikilia. Ama ridhaa, mteja aliridhia kulipa deni lake. Hizo 18,000 hazikuwa deni lake, na hakujua.

Kwa hiyo hazihesabiwi katika zaka ya mama, kwa kuwa si mali yake. Zinarudishwa kwa mwenyewe, na sababu inatajwa. Wapo wanaoona haya, wakaongeza chumvi kidogo kwenye gunia lijalo na kuiita zawadi. Huko ni kumpa mtu mali yake na kumdai shukrani juu. Mteja asipoonekana tena, huulizwa wenzake wanaovuka naye, na fedha hukaa kama amana. Matumaini yakikatika kabisa, wanazuoni wengi wameelekeza itolewe sadaka kwa niaba yake, na akitokea baadaye na kuitaka, alipwe.

Lakini kwa nini kosa liliishi miezi mitano? Aya ya 282 ya Suratul-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inaamrisha deni liandikwe na mwandishi aandike kwa uadilifu. Watu hukariri hayo, wakapita haraka jambo linalofuata: anayemtajia mwandishi kiasi ni yule anayedaiwa. Mdai hakupewa kazi hiyo. Hata mashahidi wameelezwa kwa kutambua kwamba mmoja aweza kukosea na mwingine akamkumbusha. Daftari la mama lilikuwa kinyume. Anayedai ndiye aliyeandika, ndiye aliyejumlisha, na anayedaiwa aliambiwa tu kilichobaki. Mama huyu ni mwaminifu, na bado utaratibu wake haukuwa na mahali ambapo mtu mwingine angeliona kosa.

Jumanne iliyofuata mama alikwenda Mpondwe na binti, fedha zikiwa zimefungwa peke yake. Alimfungulia mteja daftari, akamwonyesha namba iliyogeuzwa, akamkabidhi. Yule mama wa Kasindi alizihesabu, kisha akaomba asomewe magunia yote, moja baada ya jingine. Walipofika mwezi wa Rajabu akawasimamisha.

“Dada, hapo nilichukua matatu. Umeandika mawili.”

Akaziweka zile fedha juu ya meza. Binti akafungua ukurasa mpya, mteja akaanza kutaja, naye akaandika.