WAZO LA LEO: Kamba Ikikaza, Shika

Alfajiri, nje kidogo ya Pangani, wavuvi wanne wanapandisha jarife walilolitega chini tangu magharibi. Hawajalala. Ukiwatazama kwa mbali utadhani wanavuta bila kupumzika, kumbe sivyo.

Wimbi likiinua mashua, kamba hukaza na kuchuruzika maji kama nguo inayokamuliwa. Hapo hakuna anayevuta. Wanashika tu, miguu imekazwa ubavuni mwa chombo. Mashua ikishuka, kamba hulegea, nao huchukua pima moja upesi, maji yakiwarukia usoni. Kisha wanashika tena. Anayevuta wakati wimbi linapanda hushindana na uzito wa mashua nzima: kamba humchuna viganja, au wavu hupasuka.

Mara kamba inasimama wima. Pima wanayoipata, wimbi linalofuata linairudisha yote majini. Samaki angeitikisa kamba. Hii haina mtikisiko. Nahodha anajua wavu umenasa kwenye mwamba. Haongezi nguvu. Anaamuru kamba ilegezwe, mashua izungushwe, kisha wavu uvutwe kutoka upande wa pili. Mara nyingi huachia. Usipoachia, hukatwa kipande, na kilichobaki hushonwa ufukweni mchana.

Jua linapochomoza, jarife limelala chomboni, na mikono iliyochoka haikuhitaji nguvu mpya. Ilihitaji kujua kwamba kushika bila kuvuta nako ni kazi.