Kawaida ya Macho, Kawaida ya Mwili

Mchimbaji wa Chunya hanunui duara kwa jiwe aliloletewa mkononi. Anajua mwenye duara hatakuja na jiwe baya. Atachagua lile linalong'aa, alipanguse vumbi, aligeuzie jua. Anayetaka kujua mwamba una nini huchukua sampo mwenyewe, hapa na pale, likiwamo jiwe lisilopendeza, huzisaga, huziosha kwenye karai, ndipo anasema ni gramu ngapi kwa tani. Hivi ndivyo dhahabu inavyopimwa kwetu, na hata mtoto wa Makongolosi anajua kwamba jiwe la kuonyeshwa si mwamba.

Lakini mchimbaji huyohuyo, usiku, akiwa na simu yake na video za ngono alizorushiwa na wenzake, huusahau ujuzi wake wote. Hutazama mawe ya kuonyeshwa na kuamini ameuona mwamba.

Lugha yetu ina mkono wake katika kosa hili. Tunaposema kitu ni "cha kawaida" tunasema mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba ndivyo vilivyo vitu vingi vya aina hiyo, na kwamba ndivyo tulivyozoea kuviona. Katika mambo mengi maana hizi mbili huenda pamoja. Mvua za Desemba ni za kawaida kwa sababu hunyesha, na kwa sababu tumezoea kuziona zikinyesha. Uume ni tofauti. Uko kwa kila mwanamume, lakini karibu hakuna anayeona wa wengine, hasa ukiwa umesimama. Jicho halina pa kupatia mazoea yake ila mahali pamoja, na mahali hapo pana mchaguzi.

Mchaguzi huyo haajiri mtu wa wastani. Huchukua wachache wenye maumbile makubwa, maana ndiyo biashara yenyewe. Kisha huleta kamera karibu kabisa, na lenzi ikikaribia kitu hukikuza kuliko kilicho nyuma yake. Nywele hunyolewa ili shina lote lionekane. Mwigizaji mwenzake huweza kuchaguliwa awe mdogo wa umbo. Wakati mwingine kuna dawa ya kumeza au sindano inayoshikilia msimamo, na panapolegea hukatwa. Anayetazama, kwa upande wake, wa kwenye video anauona kwa ubavu na wa kwake anauona kutoka juu, ambako kila kitu huonekana kifupi. Mtu anaweza kuwa na kilekile alichokiona na bado akajiona mdogo.

Kijana mmoja wa huku, ambaye nitamwita mdogo wangu tu kwa kuwa ndivyo anavyonichukulia, alinijia jioni moja akazunguka sana kabla ya kusema. "Kaka, mimi nina kibamia." Neno hilo lilianza kama mzaha, na vijana hutaniana nalo kila siku bila kujali nani anacheka kwa nje tu. Alikuwa ameazima futi ya fundi cherehani, akapima, akapata inchi 4 na nusu. Alikuwa ameahirisha tohara mara mbili kwa hofu ya kuvuliwa mbele ya muuguzi. Pesa ya kununua dawa za kuongeza maumbile, zile zinazotangazwa kwenye nguzo za umeme kwa namba ya simu, alikuwa nayo mfukoni.

Nilimuuliza alianzia wapi kupima. Alikuwa ameweka ncha ya futi juu ya ngozi, kwa upande. Madaktari hawapimi hivyo. Rula huwekwa upande wa juu, uume ukiwa umesimama au umevutwa taratibu hadi mwisho wake, na mwanzo wa rula hukandamizwa mpaka uguse mfupa wa kinena, kwa sababu mafuta yaliyo hapo hufunika sehemu ya shina na hutofautiana kati ya mwembamba na mnene. Husomwa hadi ncha ya kichwa. Alirudia kwa rula ya shule. Safari hii alipata sentimita 13 na kidogo, yaani zaidi ya inchi 5. Hakuwa ameongezeka chochote. Alikuwa amepima ngozi kwanza, kisha akajipima mwenyewe.

Na 13 ni nini? Mwaka 2015 watafiti wa Uingereza waliunganisha vipimo vya wanaume 15,521, vyote vilivyochukuliwa na wahudumu wa afya, si vya kujitajia. Wastani wa uume uliolala ulikuwa sentimita 9.16, na wa uliosimama 13.12, na mzunguko wake ukisimama 11.66. Takriban theluthi mbili ya wanaume huangukia kati ya sentimita 11.5 na 14.8 ukisimama. Inchi 9 zinazotajwa vijiweni ni karibu sentimita 23, mbali kabisa na kundi hilo. Nikiri udhaifu wa hesabu hii: waliopimwa uume ukiwa umesimama ni wachache kuliko waliopimwa ukiwa umelala, kwa sababu kuusimamisha kliniki mbele ya mtu mwenye rula si jambo jepesi. Na uliolala hausemi mengi, maana baridi na woga huufinya, na mdogo uliolala mara nyingi hurefuka zaidi kwa uwiano.

Uume mdogo kitabibu upo, lakini mstari wake uko chini sana: hukadiriwa kwa kipimo kilicho chini ya wastani kwa zaidi ya mara 2.5 ya mtawanyiko wa kawaida wa vipimo. Kihesabu hao ni kama watu 6 katika 1,000. Huko Florence, Italia, mwaka 2002 zilichapishwa habari za wanaume 67 waliokwenda hospitali wakilalamika kuwa ni wadogo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa chini ya mpaka. Wengi walisema wasiwasi ulianza utotoni, walipomwona rafiki mwenye mkubwa zaidi; kwa waliobaki ulianza ujanani kwa kutazama picha za ngono. Hapo simu za leo hazijafika kwa mtu.

Kuna vipimo vya kwetu pia. Mwaka 2013 zilichapishwa habari za Watanzania 253, watu wazima na vijana waliofika kutahiriwa, na kwa watu wazima mzunguko wa wastani wa shina ulikuwa sentimita 8.7. Ulikuwa wakati kampeni ya tohara imeshika Iringa na mikoa jirani, na swali la watafiti lilikuwa la stoo: vifaa vya tohara viagizwe kwa saizi gani na vingapi. Napenda sana swali hilo. Kipimo kilikuwa na kazi ya kufanya, nacho kikaifanya, kama kipimo cha miguu kwa muuza viatu. Mdogo wangu alikuwa akipima bila kazi yoyote isipokuwa kujihukumu, na kipimo cha namna hiyo hakishibi. Anayepima kila juma, anayekwepa kuoga na wenzake, anayeona rula imekosea kila mara inapomwambia ametosha, ugonjwa wake uko kwenye wasiwasi wenyewe, na wa kumsaidia ni mshauri wa afya ya akili, siyo muuza dawa za kuongeza maumbile.

Vipi wale anaodhani wanamhukumu? Utafiti uliochapishwa 2006, wenye majibu ya zaidi ya watu 52,000, ulikuta asilimia 85 ya wanawake wameridhika na saizi ya mwenzi wao. Wanaume walioridhika na ya kwao walikuwa asilimia 55. Katikati ya namba hizo mbili wamo wanaume wengi wanaojutia kitu ambacho mwenye kulala nao hakijamsumbua.

Pesa ya dawa ilirudi mfukoni. Akarudisha futi kwa fundi, lakini alipokuwa anaondoka aligeuka mlangoni. "Sasa kaka, yule wa kwenye video, yeye ana inchi ngapi?"

Nilimwambia sijui. Hakuna aliyempima.