"Niko Salama" Si Jibu Kila Wakati

Somo: Wafilipi 2:25–30

Jumapili niligusia habari ya Epafrodito, na wazazi wawili wenye watoto ng'ambo wakaniomba niendelee.

Kijana mmoja wa kanisa letu anasoma Uingereza. Kila wiki alimwambia mamake, "Niko salama." Ukweli ni kwamba alikuwa amepoteza kazi yake ya jioni, na pauni 900 za karo hakuwa nazo. Viza ya mwanafunzi wa digrii kule inaruhusu kazi saa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo, kwa hivyo pengo lisingezibika haraka. Akanipigia simu: "Pasta, nikinyamaza ili mama asipandishe presha, nimekosea?"

Nilimuuliza swali nililojifunza nikisomea biashara: je, kuna uamuzi ambao wazazi wanafanya kwa kutegemea habari uliyowapa? Kimya. Kumbe babake alikuwa karibu kuchukua mkopo wa karo ya dadake, akiamini kijana atasaidia kulipa. Hapo kunyamaza si huruma tena. Mzee anatia sahihi akiamini uongo. Lakini baridi, upweke wa jioni moja, mtihani mgumu, hayo hayambadilishii baba uamuzi. Si lazima kila usiku mbaya ufike Machakos.

Sasa, utaandikaje? Tazama Paulo. Wafilipi walikuwa wamesikia Epafrodito anaugua. Paulo hakuwaambia ni homa kidogo tu. Alisema wazi alikuwa karibu kufa. Ila hakuishia hapo: akasema Mungu amemhurumia, na kwamba anamrudisha kwao. Ukubwa wa shida, ilipofikia, na hatua inayofuata. Habari nusu ndiyo hutisha, kwa sababu mzazi hujaza nusu ile nyingine mwenyewe usiku.

Kijana alienda kwanza ofisi ya karo, kisha akaandika:

"Baba na Mama, nilipoteza kazi mwezi uliopita. Nilikosea kuwaficha. Nina deni la karo pauni 900, na chuo kimenipa miezi mitatu kulipa kidogo kidogo. Chakula na nyumba ninavyo. Natafuta kazi nyingine. Sitaweza kumsaidia dada muhula huu, kwa hivyo Baba, usichukue mkopo kwa kunitegemea. Msiuze kitu. Nitapiga simu Jumamosi usiku."

Mama alilia, ndiyo. Lakini mkopo ulisimamishwa kwa wakati.

Neno moja la tahadhari: ukiwa mgonjwa sana, au umeanza kuwaza kufa, usingoje mpango. Tafuta msaada hapo ulipo, na upige simu nyumbani siku hiyo hiyo.

Nanyi wazazi, mtoto akisema kweli, msianze na "tulikuuzia shamba." Muulizeni kwanza kama amekula. Ukimfokea leo, wiki ijayo utaambiwa tena, "Niko salama."

Mbarikiwe.